Pancha: solushen ama kiraka cha kuchoma? Nataka kuanza besi

kijana_outering: Wasee, nimepata kaspesi karibu na steji nataka kuanza kuziba pancha. Doo ni kidogo. Ninunue viraka na solushen ama ile klampu ya kuchoma kiraka?

mama_spoku: Hujasema wateja ni akina nani. Baiskeli, boda ama mikokoteni? Kama boda ni za tyublesi, kiraka cha tyubu hakina kazi hapo, unasukuma uzi kutoka nje na taya haitoki.

Bampa2Bampa: Choma tu. Kikichomwa kinashikana na tyubu kuwa kitu kimoja, solushen hubanduka jua likiwaka.

mzee_wa_karai: Bampa, hapo kwa kushikana uko sawa lakini jua usilisingizie. Hubanduka juu ya haraka. Tyubu ikwaruze msasa mpaka ule mng'ao uishe, upana upite kiraka kidogo, paka solushen nyembamba halafu WACHA, kama dakika tano, mpaka ukigusa pembeni haishiki kidole. Wengi hubandika ingali mbichi. Usiipulize na mdomo, inaingia unyevu. Na kabla ya kurudisha tyubu pitisha kidole polepole ndani ya taya, kile kiwaya kikibaki huyo mteja atarudi jioni akiwa na hasira.

Sam_delivari: Mimi hiyo ya kuchoma siitaki tena. Kuna fundi alijaza mafuta kwa kichwa cha pistoni akawasha, akaanza stori na mtu wa boda, moto ukakaa hadi raba ikanuka. Kiraka chenyewe kilishika poa sana, lakini tyubu pembeni yake ilikuwa imekauka ikawa ngumu, nikafika kwa matuta ikapasuka palepale kando ya kiraka nikiwa na mzigo wa watu nyuma. Nikasukuma baiskeli mpaka nyumbani na tyubu nikanunua mpya.

mzee_wa_karai: Huyo alilala kazini. Ikichomwa vizuri hakuna shida, ila unangoja ipoe kabla ya kufungua klampu, na foleni ikiwa ndefu wateja hawangoji.

Njeri_K: Na yangu inaisha upepo usiku tu, asubuhi iko chini?

mama_spoku: Weka mate kwa valvu uone kama inatoa povu. Kama imekatika pale shina la valvu linaposhikana na tyubu, hakuna kiraka kitasaidia, nunua tyubu.

kijana_outering: Ni baiskeli na boda, mchanganyiko. Nina pampu ya mkono.

Bampa2Bampa: Pampu ya mkono kwa boda? Utakonda! Tafuta kompresa.

mama_spoku: Kompresa ya stima gani kando ya barabara? Anunue ya mguu. Na kanju, umeongea nao?

Sam_delivari: Kanju hao wacha tu, huku kwetu walibeba hadi karai.

kijana_outering: Karai pia?? Sasa vitu usiku naacha wapi?