Jedwali la rangi tupu bila maelezo: nauli ya fundi imetoka mfukoni mwangu!

Wakuu, nina hasira. Ofisi moja imenitumia WhatsApp picha ya jedwali la visima 38 vya huku kwetu Kasulu, niandae orodha yenye safu ya "Hali". Jedwali halina neno hata moja la hali, ni kijani, njano na nyekundu tu. Limebandikwa ukutani, likapigwa picha usiku chini ya taa ya njano, na pale chini palipoeleza maana ya rangi pamekatwa!

Nikajaza njano kuwa "kinahitaji matengenezo". Fundi akapanda bodaboda hadi kisima cha mstari wa 17, akakuta maji yanatoka vizuri. Kumbe njano kwao ni "hakijakaguliwa". Na mistari mingine sita sijui ni njano au ni nyeupe iliyopigwa na taa. Kwa nini wasiandike neno tu?

Kijana wa Mwanga: Pole dada. Geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, tofauti itajitokeza.

Mzee wa Takwimu: Usifanye hivyo, binti yangu. Rangi za mpauko zilizo tayari kwenye Excel ni kijani C6EFCE, njano FFEB9C na nyekundu FFC7CE. Ukizigeuza kijivu zinakuwa kama 223, 232 na 217 kati ya 255, jicho halizitenganishi. Ndiyo maana fotokopi huziua.

Waombe picha asili, waitume kama faili. Chukua kifaa cha kunyonya rangi kwenye programu ya kuchorea, anza na ukingo mweupe wa karatasi ulio jirani na mstari huo. Tuseme kinakuonyesha nambari tatu, nyekundu 250, kijani 232, buluu 190. Kisanduku kikisoma karibu hivyohivyo, hicho ni cheupe. Kingekuwa njano ile ya Excel, nambari ya tatu ingeshuka hadi karibu 116. Gusa sehemu tupu, mbali na herufi na mistari. Halafu weka safu mbili: "Rangi" uliyoiona, na "Hali" ujaze tu ukishapata maelezo yao.

Mama Duka Ujiji: Mbona Excel inachuja kwa rangi? Wadeni wangu wote nawachuja hivyo.

Mleta uzi: Mama, wewe una faili lenyewe. Mimi nina picha, hakuna cha kuchuja.

Mzee wangu, shikamoo. Nimepima ile sita: minne ni sawasawa na karatasi, mmoja ni njano kweli, wa sita umeangukiwa na mng'ao wa taa, kila nikigusa unasoma tofauti. Huo nimeandika "haijulikani". Ila sasa nyeupe ina maana gani? Nimepiga simu ofisini, naambiwa aliyepaka rangi yuko likizo.

Mzee wa Takwimu: Marahaba. Hiyo minne usiijaze. Yaweza kuwa walisahau kupaka, yaweza kuwa kisima kimefungwa. Kwa picha hatutajua.