Admini kavunja grupu: nani kabaki na nini? Tupeane uzoefu

Binti Pangani
Habari zenu wakuu. Nimeleta hili kwa uchungu, naomba mwenye yaliyomkuta aseme.

Grupu letu la ukoo la WhatsApp lilivunjwa usiku mmoja. Admini ni binamu yangu. Aligombana na wajomba kwa ajili ya shamba la minazi, akaanza kututoa mmoja mmoja. Tulikuwa watu 64. Nilikuwa macho, naona majina yanatolewa mstari baada ya mstari, hadi zamu yangu ikafika na pale pa kuandikia pakapotea. Nikajua basi, kila kitu kimekwenda.

Kilichoniliza ni bibi. Kabla hajafariki, mjomba alikuwa anamrekodi video fupi fupi uani, bibi anachambua dagaa huku anataja nani kamzaa nani na nani kazikwa wapi. Zilitumwa video 41.

Asubuhi nikafungua tena: mazungumzo yote yapo, hata matusi ya usiku ule. Video 24 zinacheza. Zile 17 zina kimshale cha kupakua tu, nikigusa naambiwa haipatikani, nimwombe aliyetuma aitume tena. Na mjomba simu yake ya kurekodia iliibiwa. Kwa nini nyingine zipo na nyingine hazipo?

Fundi Simu Kibada
Pole sana dada. Nimetengeneza simu miaka kumi na mbili, kesi hii huletwa sana dukani.

WhatsApp haiweki historia ya grupu mahali pamoja. Kila simu ina nakala yake. Admini hana kitufe cha kulifuta kwenye simu zenu; anachoweza ni kuwatoa wote, naye atoke, kisha afute kwake. Kwako linabaki mpaka ulifute mwenyewe.

Ila nakala yako ni ya kile kilichoshuka kwenye simu yako. Maandishi hushuka yenyewe, na sauti za kurekodi pia. Video ni tofauti: wengi tumezima isishuke yenyewe ili kuokoa bando, kwa hiyo ukionacho ni kivuli tu mpaka uguse. Video yenyewe inakusubiri kwenye mitambo yao kwa muda, halafu inaondolewa. Zile 17 hukuzigusa wakati ule.

Sasa fanya hivi. Kati ya watu 64 wapo waliozigusa. Waombe wafungue programu ya mafaili, waende `Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Video`. Mafaili yana majina kama `VID-20230412-WA0003.mp4`, tarehe imo ndani ya jina, kwa hiyo unawaambia moja kwa moja ni za siku gani. Anza na wazee wasiofuta kitu na wanaotumia waifai ya nyumbani.

Msomi wa Usiku
Mkuu sikubaliani. Admini anaweza kufuta kwa wote, nimeona kwa macho yangu, "ujumbe umefutwa na admini".

Fundi Simu Kibada
Hapo umesema kweli nusu. Anaweza kufuta ujumbe wa mtu kwa wote, lakini ni ule aliouchagua tu. Grupu zima kwa mpigo, hapana. Ndiyo maana mkiona ugomvi umeanza msisubiri, maana mwenye hasira anaweza kuanza na zile meseji zinazomuumbua.

Mwalimu wa Kishapu
Telegram ndugu zangu ni habari nyingine kabisa. Tulikuwa na grupu la walimu wa fizikia, miaka minne ya mitihani na majibu yake. Mwenye grupu akalifuta. Nilipoamka halikuwepo hata kwenye orodha. Hakuna cha kusoma wala cha kugusa. Huko mazungumzo yako kwenye mitambo yao, simu inaonyesha tu, na mwenye grupu anaweza kulifuta kwa wote. Nilichookoa ni mitihani niliyokuwa nimeishaihifadhi kwenye simu, kama thelathini hivi. Maelezo ya wenzangu ya namna ya kukokotoa, ambayo ndiyo yalikuwa mali, yamepotea yote.

Kwenye grupu jipya sasa nahifadhi kila mwisho wa muhula. Natumia Telegram ya kompyuta: nafungua grupu, vidoti vitatu, `Export chat history`, nachagua picha na mafaili, napandisha ukubwa wa faili, maana kilichozidi kiwango hicho kinarukwa. Mara ya kwanza niliambiwa nisubiri saa 24 kwa usalama, basi msingoje siku ya ugomvi. Linatoka folda lenye `messages.html`, unalisoma bila intaneti. Mwenye grupu akiwa amezuia kuhifadhi, njia hiyo haipo.

Mama Kikoba
Mimi nimetolewa peke yangu kwenye grupu la WhatsApp na wenzangu bado wapo. Nirudi vipi?

Mwalimu wa Kishapu
Mama, hilo ni la kuongea na admini, sisi tunazungumzia grupu lililovunjwa. Lakini michango yako iliyoandikwa humo bado unaisoma, usifute.

Mama Kikoba
Ndiyo hofu yangu mwanangu. Mweka hazina anasema sikulipa mwezi wa tatu, na risiti niliituma humo humo.

Fundi Simu Kibada
Mama, hata ukishatolewa unaweza kuitoa nakala. Fungua grupu, vidoti vitatu, `More`, `Export chat`, uchague pamoja na picha au bila. Jitumie kwa barua pepe. Ukichagua picha zinakuja meseji za mwisho 10,000, bila picha 40,000, kwa hiyo grupu la siku nyingi halitoki lote. Na kama grupu limewekewa `Advanced chat privacy`, inakataa. Hapo piga picha skrini, risiti kwanza.

Msomi wa Usiku
Lakini lile faili ni maandishi matupu, mtu anaweza kubadilisha 20,000 ikawa 50,000. Nani atamwamini mama?

Fundi Simu Kibada
Kweli. Ndiyo maana simu yenyewe isifutwe, na wanachama wawili watatu watoe nakala zao siku hiyo hiyo mlinganishe. Kama baraza litaikubali au la, mimi ni fundi, hilo siwezi kulisemea.

Chrisant wa Bukoba
Mimi sikutolewa na mtu. Nilifuta grupu la wanakwaya mwenyewe kwa hasira, na nikaacha alama ya kufuta picha pia. Kesho yake nikajuta. Bakapu ya Google sikuwa nayo, lakini WhatsApp kwenye simu za Android hujihifadhia saa nane usiku, faili za siku saba hivi. Nikaenda folda la `Databases`, nikainakili ya juzi yake kwanza kwenye kompyuta. Kisha:

```
msgstore-2025-03-10.1.db.crypt14
msgstore.db.crypt14
```

La chini nikalihamisha kwanza, la juu nikalibadilisha jina liwe kama lake, nikaondoa WhatsApp, nikaiweka upya na kukubali kurejesha. Maandishi yakarudi. Picha hazikurudi, na meseji zote za siku mbili zile, hata za kazini, nikazipoteza.

Msomi wa Usiku
Mimi ninayo ya Google kila usiku, niko salama.

Chrisant wa Bukoba
Ndugu, ya Google mpya inafunika ya zamani. Ukifuta grupu leo na usiku ikajihifadhi, ya kesho haina grupu.

Binti Pangani
Narudi na majibu. Nimepiga simu wiki nzima. Shangazi wa Muheza, ambaye hajui hata kufuta picha, alikuwa nazo 9. Katika moja bibi anamtaja mama yake mzazi kwa jina ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa analijua. Zimebaki 8. Kuna kaka yuko Maskati, simu yake ya zamani ameiacha kabatini na skrini imepasuka. Fundi, simu ya hivyo inaweza kufunguliwa?

Fundi Simu Kibada
Ikiwaka na anajua namba ya siri, ndiyo. Skrini tunabadilisha. Aichaji taratibu, asiirudishe upya kiwandani, aniletee akija.