Nywele ndefu na bwawa la kuogelea: zimekuwa kama katani, nifanyeje?

Mwali_wa_Kigamboni:
Habari za humu wadau. Nina nywele za asili, kipilipili hasa, sijaweka dawa mwaka wa sita huu. Nikizivuta zinafika chini ya mabega. Tangu mgongo uanze kunisumbua nimeshauriwa kuogelea, kwa hiyo kila Jumanne na Jumamosi niko bwawani dakika arobaini na tano, tena Jumapili nyingine tunashuka baharini na watoto. Miezi mitatu sasa. Nywele zimekauka, zinashikana, nikipitisha kichanuo nasikia zinavyokatika. Kofia ya kuogelea ninavaa, na nikifika nyumbani naosha na shampuu kila mara ili klorini itoke. Nakosea wapi? Kukata sitaki, na kuacha kuogelea siwezi.

dada_tui:
Pole shosti. Dawa ni mafuta ya nazi. Paka mengi, kichwa kizima, kabla ya kuingia. Maji na mafuta havichangamani, kwa hiyo klorini haipiti hata kidogo. Mimi nilikulia Tanga, tulishinda baharini na mafuta ya mama kichwani na hakuna aliyekatika nywele.

baharia_mstaafu:
Wigi na rasta za bandia bwawani ndiyo tatizo. Zinaziba chujio. Wanawake muwe mnazitoa kwanza.

Mwali_wa_Kigamboni:
Kaka, za kwangu zimeota kichwani, soma tena 😅

Msusi_wa_Ilala:
Mdogo wangu, kabla sijasema lolote nijibu matatu. Unaingia majini nywele zikiwa kavu au zimelowa? Ukitoka bwawani, unakaa muda gani kabla ya kuziosha? Na maji ya nyumbani ni ya bomba au ya kisima?

Mwali_wa_Kigamboni:
Kavu, nazikusanya tu juu navaa kofia. Bafu za pale maji hutoka kwa matone, kwa hiyo najifunga mtandio naondoka. Na foleni ya kivuko unaijua dada, saa moja na nusu, siku nyingine mbili. Nyumbani ni kisima.

Msusi_wa_Ilala:
Basi umeshajijibu nusu. Nina wateja wanaoogelea na wengi kosa lao ni hilo hilo.

Unywele mkavu ni kama dodoki, unanywa maji ya kwanza yatakayoufikia. Ukiingia mkavu, ya kwanza ni ya bwawa. Kofia haikuokoi, kwa sababu hakuna kofia isiyoingiza maji. Kazi yake ni kupunguza maji yanayopita na kuzuia nywele zisisuguane. Kwa hiyo nenda na chupa ya lita moja na nusu ya maji safi. Lowesha nywele mpaka zichuruzike, kisha paka kondishena ya bei rahisi, ile isiyokuuma kuimaliza, ukianzia kwenye ncha. Suka mabutu manne au sita, yakunje, ndipo uvae kofia. Mabutu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: nywele ndefu zilizoachwa huru chini ya kofia zinafungana mafundo, na zinakatika ukizichanua, wewe unadhani ni klorini.

Kubwa zaidi ni hizo saa mbili za mtandio. Umelowa maji ya dawa, umejifunika, joto la Dar, na dawa inaendelea kula. Beba chupa ya pili ya kusuuzia pale pale, kabla hujavaa nguo. Huhitaji sabuni. Mwaga ukiminya kila butu kutoka juu kwenda chini, bila kufumua.

Halafu acha shampuu ya kila mara. Mara tatu kwa wiki kwa nywele kipilipili ni nyingi mno, unamalizia mafuta machache yaliyobaki. Osha na shampuu mara moja kwa wiki, siku nyingine kondishena peke yake.

dada_tui:
Na mafuta yangu je?

Msusi_wa_Ilala:
Hujakosea sana dada. Mafuta ya nazi yanaingia ndani ya unywele, yanasaidia usivimbe kupita kiasi na usipoteze nguvu yake. Lakini hayazibi kabisa, klorini inapita. Yakiwa mengi kofia inateleza, na ile ya mpira wa lateksi inaharibika upesi ikikutana na mafuta. Ya silikoni inavumilia zaidi. Tena mabwawa mengine hayataki mafuta, yanachafua maji. Kijiko kimoja cha chai kwenye ncha, usiku wa kuamkia, kinatosha.

mama_wa_wawili:
Niulize hapo hapo. Binti yangu alitia rangi ya dhahabu kwenye ncha, sasa baada ya bwawa zimekuwa na ukijani. Klorini imeharibu rangi?

Msusi_wa_Ilala:
Ukijani ni wa shaba, iliyo kwenye dawa za kuua mwani au mabomba. Klorini inaisaidia kushika tu. Nywele nyeusi nazo hushika, ila hazionyeshi. Nunua unga wa vitamini C mtupu, kijiko kimoja cha chai kwenye nusu lita ya maji, mwagia, acha dakika tano, suuza vizuri kisha kondishena. Ule ule unaua klorini iliyobaki na ile harufu. Usisage vidonge vya kutafuna vya watoto, vina sukari na rangi, utaongeza kazi. Na usifanye kila siku, ni tindikali. Ukijani ukigoma, tafuta shampuu maalumu ya waogeleaji.

Nahodha_Mke_Unguja:
Mimi ni wa baharini tu. Huku shida si dawa, ni chumvi kukaukia kichwani. Ukikaa mchangani juani nywele zikakauka zenyewe, zinakwaruzana kama zimemwagiwa mchanga. Usizichanue zikiwa hivyo hata ukibembelezwa! Dumu la maji yasiyo na chumvi liwe ngalawani. Na mwenye kisima cha pwani aonje kwanza: chetu kina chumvi, unasuuza chumvi kwa chumvi.

Mwali_wa_Kigamboni:
Yarabi. Chetu pia sabuni haitoi povu.

Msusi_wa_Ilala:
Ndiyo maana nilikuuliza. Osha na maji ya kisima ukipenda, lakini lita mbili za mwisho ziwe za bomba au za mvua.

Mwali_wa_Kigamboni (wiki tano baadaye):
Nimerudi kuwapa mrejesho. Chupa mbili kwenye begi, mabutu sita, shampuu Jumapili tu. Wiki ya kwanza sikuona kitu. Ya tatu kichanuo kilianza kupita bila kelele, na nywele ninazookota sinki zimepungua, ingawa ncha zilizokwisha kupasuka hazikupona, nimekata kama inchi moja kwa uchungu. Nilijaribu pia mafuta ya dada_tui upande wa kushoto tu, kulia kondishena peke yake. Kwa kweli sioni tofauti, ila kofia ilinivuka mara mbili upande wa kushoto.

dada_tui:
Ulipaka ya dukani au ya kukamua nyumbani? Si sawa hayo.

Mwali_wa_Kigamboni:
Ya dukani. Haya, niletee ya Tanga nijaribu tena.

baharia_mstaafu:
Kofia ya silikoni kubwa ya nywele ndefu inapatikana wapi? Mke wangu ana dredi, za kawaida zote zinachanika.