Kuchanganya Kiswahili na Kiingereza katika maelezo ya picha: wapi panafaa, wapi panaharibu?

Muulizaji, Ilazo: Habari za jioni, ndugu zangu. Ninamwandikia dalali mmoja wa mashamba na viwanja hapa Dodoma maelezo ya picha na video anazoweka mtandaoni. Wasomaji wetu wengine wako hapa hapa, wengine wako ughaibuni. Wa hapa wanasema Kiingereza kinawatenga, na wa ughaibuni wanasema watoto wao hawaelewi Kiswahili cha ardhi. Nimekuwa nikichanganya lugha zote mbili ndani ya sentensi moja, na mwezi uliopita nikawaingiza watu mkenge bila kukusudia. Nichanganye wapi, na wapi nisithubutu?

Mzee wa Kikuyu, Dodoma: Kijana wangu, jibu ni fupi. Andika Kiswahili safi mwanzo hadi mwisho. Asiyeelewa atabonyeza pale palipoandikwa "See translation" na simu yake itamtafsiria. Kuchanganya ni uvivu tu. Mtu hajui neno la Kiswahili, anachomeka la Kiingereza, kisha anasema ni mtindo.

Mwalimu wa Kongwa: Mimi nimelisema hili miaka mingi. Mtoto anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akifika sekondari anabadilishiwa lugha ghafla, ndiyo maana hajui hii wala ile. Tusipoamua lugha ya kufundishia, mijadala ya namna hii haitakwisha.

Mhariri mstaafu, Makole: Shikamoo Mwalimu. Hilo la shule ni zito na lina mjadala wake, ila mwenzetu anauliza kuhusu tangazo la shamba. Mdogo wangu wa Ilazo, kabla sijasema lolote, tuonyeshe uliandika nini hasa, na watu waliingia mkenge kwa namna gani.

Muulizaji, Ilazo: Niliandika hivi: "Shamba heka 2 Hombolo, bei chee! Live viewing this Saturday at 4, usikose." Nilikusudia saa 4 asubuhi. Watu wa Ipagala na Nzuguni walifika shambani asubuhi kama kawaida, tukarusha video mubashara, tukamaliza. Jioni, jua linazama, baba mmoja aliyeko Uingereza akapiga simu akiwa amekasirika, kwa sababu alikuwa ametoka kazini mapema ili afungue video saa kumi alasiri kwa saa ya kwao. Juu ya hapo, binti yake alikuwa amemwambia kwamba shamba lina hekta mbili. Tulipomtumia karatasi ya vipimo inayoonyesha mita za mraba 8,094, akaona tumemkata zaidi ya nusu.

Mhariri mstaafu, Makole: Basi jibu lako liko ndani ya sentensi hiyo moja. Shida si kwamba ulichanganya lugha, bali ni mahali ulipozichanganyia. Saa zetu zinahesabiwa kuanzia mapambazuko, na neno "asubuhi" au "usiku" ni sehemu ya saa yenyewe, si pambo. Ulipohamia Kiingereza katikati ya njia, namba ilivuka na wewe, lakini ile tofauti ya saa sita kati ya hesabu yetu na ya Kiingereza ilibaki upande wa Kiswahili, na neno "asubuhi" likaanguka njiani. Msomaji wa Dodoma alirudisha saa sita kichwani bila hata kujua kwamba amefanya hivyo, kwa sababu anajua hakuna dalali anayempeleka mtu shambani alfajiri. Msomaji wa Uingereza hakuwa na sababu ya kukisia, akasoma kilichoandikwa.

Kwa hiyo mimi huwaambia vijana jambo moja: mpaka wa lugha usipite katikati ya namba na kipimo chake. Kila kitu ambacho msomaji atakifanyia uamuzi, yaani saa, tarehe, ukubwa, bei na hali ya umiliki, kiandike kizima katika Kiswahili, kisha kiandike kizima tena katika Kiingereza. Hapo ungeandika "Jumamosi, saa 4 asubuhi kwa saa za Tanzania", na chini yake "Saturday, 10 AM EAT". Herufi hizo tatu za mwisho usizione ni ziada. Usijaribu pia kumhesabia mtu wa London saa yake, kwa sababu wenzetu husogeza saa mara mbili kwa mwaka na sisi hatusogezi: majira yao ya baridi tunawatangulia saa tatu, majira ya joto saa mbili. Mwachie ahesabu mwenyewe, mradi umempa saa isiyo na utata.

Maneno mengine, kama "bei chee", "usikose", au hata "live" kama lilivyozoeleka, changanya upendavyo. Hapo msomaji asipoelewa anapoteza ladha tu, hapotezi fedha.

Na kwako, Mzee wangu, kitufe cha kutafsiri kipo na kinasaidia, sikatai. Ila jaribu kukipa "saa 4 asubuhi" uone mara ngapi kitakuletea "4 AM", yaani saa kumi alfajiri. Isitoshe, mara nyingi hakitafsiri maandishi yaliyobandikwa juu ya picha yenyewe, na madalali wetu wanapenda kuandika bei na ukubwa papo hapo juu ya picha.

Mzee wa Kikuyu: Hilo la maandishi juu ya picha sikuwa nimelifikiria. Lakini heka nayo? Hilo ni Kiswahili, na bado limempoteza binti wa watu.

Mhariri mstaafu, Makole: Umenishika, Mzee. Hapo kosa ni letu wenyewe. Mtaani tunasema heka tukimaanisha ekari, ambayo ni takriban mita za mraba 4,047. Binti aliyekulia nje anaona h-e-k akakimbilia hekta, ambayo ni mita za mraba 10,000. Kwa hiyo heka mbili za dalali ni karibu mita za mraba 8,094, na hekta mbili za binti ni 20,000. Dawa yake ni kuweka mita za mraba katika lugha zote mbili, na heka ikaja baadaye kwa ajili ya wa hapa. Ila zingatia: kama shamba limepimwa na mpimaji, chukua namba iliyo kwenye ramani. Kama lilipimwa kwa miguu, zile hatua 70 kwa 70 tunazozijua, sema wazi kwamba ni makadirio, wala usiweke 8,094, kwa sababu tarakimu kali namna hiyo inamwambia mtu wa mbali kwamba kuna kipimo rasmi wakati hakipo.

Kijana wa Nkuhungu: Mimi niseme upande wa sisi wa hapa. Nikiona tangazo limeanza kwa Kiingereza ninapita, kwa sababu ninajua bei imewekwa kwa ajili ya mtu wa dola. Kuna ukurasa mmoja ulikuwa unaandika shilingi kwenye Kiswahili na dola kwenye Kiingereza, na ukipiga hesabu kwa kiwango cha siku hiyo, bei hazilingani.

Mhariri mstaafu, Makole: Na huo ndio ubaya wa kuandika mara mbili ambao lazima tuukiri: ukirekebisha bei upande mmoja ukasahau mwingine, una matangazo mawili yanayogombana. Habari njema ni kwamba bei haihitaji tafsiri. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo iandike mara moja tu, kwa shilingi, na tarakimu zake zote. Ukiandika "milioni 6 na nusu" kwa maneno, wa nje atakuuliza. 6,500,000 haina lugha.

Mama wa Area C: Mbukwenyi. Mimi mwanangu yuko Kanada na alikaribia kutuma fedha za kiwanja kwa sababu ya Kiingereza cha dalali, si cha huyu kijana, ni mwingine. Sehemu ya Kiswahili iliandikwa "kiwanja kimepimwa, hati ipo kwenye mchakato". Sehemu ya Kiingereza iliandikwa "title deed available". Mwanangu amesomea huko, macho yake yakaenda kwenye Kiingereza. Nilikwenda mwenyewe kuuliza, nikaambiwa ombi la hati lilikuwa bado halijapelekwa. Sasa mnaposema waandike mara mbili, mnajuaje kwamba mara ya pili itasema kile kile?

Mhariri mstaafu, Makole: Mama, hatujui, na hapo ndipo ninapokuwa mkali zaidi. Kimepimwa, kina barua ya ofa, kina hati: kwetu hizo ni hali tatu tofauti, na kila mnunuzi wa Dodoma anasikia tofauti yake. Mwandishi mwenye haraka anazifunika zote kwa neno moja la Kiingereza linalopendeza. Ningemshauri mwenzetu aanze na Kiswahili, kisha aandike Kiingereza kinachoeleza hatua iliyofikiwa, hata kama ni kirefu na hakivutii: "surveyed, title not yet issued". Halafu aache neno "hati" lenyewe ndani ya sentensi ya Kiingereza, kwa sababu ndilo neno ambalo mnunuzi au ndugu yake atalitamka akifika ofisi ya ardhi. Hapo kuchanganya kunamlinda msomaji.

Muulizaji, Ilazo: Asanteni sana. Nimekaa leo nikapitia ujumbe 20 wa mwisho tuliotumiwa. Kumi na nne ni Kiswahili kitupu, na miongoni mwao kuna watu wa Uingereza na Omani. Wanne wamechanganya. Wawili ni Kiingereza kitupu, na mmoja kati ya hao wawili anafanya kazi Mtumba, nusu saa kutoka hapa. Kwa hiyo ule mgawanyo wangu wa wa hapa na wa nje sijui kama ulikuwa sahihi. Nimejaribu kuandika upya:

"Hombolo, Dodoma | 8,094 m² | TSh 6,500,000
Shamba limepimwa, hati bado. Ni heka mbili. Karibu ulione Jumamosi, saa 4 asubuhi kwa saa za Tanzania. Tutarusha pia mubashara.
Surveyed farm, hati not yet issued. About 2 acres. Saturday, 10 AM EAT, on site and live."

Mstari wa kwanza nimeuacha bila lugha kwa makusudi, kwa sababu kwenye simu maelezo hukatwa baada ya mistari michache na mtu asipobonyeza "more" haoni Kiingereza kilicho chini.

Kijana wa Nkuhungu: Huu ningeusoma. Ila "bei chee" umeitoa kwa nini? Ndiyo iliyokuwa inanichekesha.

Mzee wa Kikuyu: Mimi nimekubali kwa shingo upande. Lakini kama ujumbe 14 kati ya 20 ni Kiswahili, na hata wa Omani wanaandika Kiswahili, kwa nini tusiwe na kurasa mbili, mmoja wa lugha hii na mwingine wa ile, badala ya kuwabebesha wengi mistari ya wachache?

Mhariri mstaafu, Makole: Kwa sababu ya yale ya Mama wa Area C, Mzee. Zikiwa kurasa mbili, hakuna atakayeziona zote mbili kwa pamoja na kugundua kwamba hazisemi kitu kimoja. Mama aligundua kwa kuwa lugha zote zilikuwa chini ya picha moja.

Mama wa Area C: Niligundua kwa kuwa nilipanda daladala nikaenda, mwanangu.