Tiketi inasema Jumamosi 00:00, kumbe basi liliondoka Ijumaa usiku!

Msafiri_Iringa: Wakuu, nina hasira. Tiketi yangu imeandikwa "Jumamosi 15, kuondoka 00:00". Nilipopiga simu kuhakikisha wakaniambia "ndiyo, Jumamosi saa sita usiku". Nimefika stendi Jumamosi saa tano na nusu usiku, begi begani. Karani akaitazama tiketi akasema, "Kaka, gari lako liliondoka jana." Nauli hairudi! Kinachoniuma zaidi, ukutani kuna ratiba ya magari yanayoingia, na moja limeandikwa "Ijumaa 14, 24:00". Yaani gari lile liliingia dakika ileile langu lilipoondoka, lakini moja ni la tarehe 14 na jingine la tarehe 15. Kwa nini?

Kibao_cha_Saa: Pole. 24:00 haipo, ni makosa ya wachapaji. Saa inatoka 23:59 inaingia 00:00, basi. Kwa hiyo uliachwa kihalali.

Mpanga_Ratiba: Kuhusu 00:00 uko sawa, ila 24:00 ipo. 00:00 inafungua siku, 24:00 inaifunga. Saa 24:00 ya tarehe 14 na saa 00:00 ya tarehe 15 ni nukta moja. Ratiba za treni huko Ujerumani huandika kufika 24:00 na kuondoka 0:00, ili safari iishie ndani ya siku yake na nyingine ianze na siku yake. Hata kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na saa, ISO 8601, kiliiondoa 24:00 mwaka 2019 kikairudisha mwaka 2022. Sisi tuliopanga ratiba tulikuwa tukiikwepa nukta hiyo: gari linaondoka 23:59 au 00:01, na abiria hapotei.

Mama_Boda: Mimi bima ya pikipiki imeandikwa inaisha "tarehe 30 saa 00:00". Tarehe 30 mchana naweza kutembea?

Mpanga_Ratiba: Kwa maandishi hayo, hapana dada. Imekwisha usiku wa kuamkia tarehe 30. Ingeandikwa 24:00 ungekuwa na siku hiyo nzima. Waulize kabla hujaitoa barabarani.

Mpwani: Kwetu Unguja siku inaingia magharibi. Usiku wa Jumamosi ndio ule baada ya mchana wa Ijumaa. Aliyekujibu kwenye simu, kama ni mtu wa kwetu, hakukudanganya.

Msafiri_Iringa: Ndugu yangu, mimi nimekulia bara. Nikiambiwa Jumamosi usiku, nahesabu mchana wa Jumamosi kwanza, halafu giza. Abiria wote wa basi lile wangejuaje karani anahesabu kwa magharibi au kwa saa ya ukutani? Lugha yetu ina maneno ya kumaliza ubishi huu: "usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi". Wameshindwa nini kuyachapa kwenye tiketi?

Kibao_cha_Saa: Karatasi ya tiketi ni ndogo.

Msafiri_Iringa: Nyuma wamechapa masharti kumi na moja. Nafasi ipo. Kesho asubuhi narudi dirishani na picha ya ule ukuta, nauli yangu naitaka.