Kisahani kimegonga ncha ya fimbo juu ya barafu: kasi zote tatu nazipataje?

Mwanafunzi_Kisauni
Hamjambo wanajukwaa. Naomba ushauri kwa swali hili la fizikia. Fimbo ya mita 1.2, kilo 0.4, imetulia juu ya barafu isiyo na msuguano. Kisahani kidogo cha kilo 0.2 kinakuja kwa mita 6 kwa sekunde, kinaigonga nchani kabisa kwa pembemraba, na nishati haipotei. Natakiwa nipate kasi ya kisahani (u), kasi ya katikati ya fimbo (V) na kasi ya mzunguko (w). Nina momentamu na nishati, lakini nisivyovijua ni vitatu. Mlinganyo wa tatu nautoa wapi?

Fundi_Majengo
Ndugu, tumia momentamu ya mzunguko. Ifanye ncha ya pili iwe bawaba, fimbo izunguke hapo kama mlango. Inersha yake ni ML²/3, umemaliza.

Bi_Tudor
Fundi, momentamu ya mzunguko ndiyo hasa inayokosekana, hapo umesema kweli. Ila bawaba haipo. Barafu haishiki fimbo popote, kwa hivyo ncha ya pili iko huru.

Mwanangu, chagua nukta ya barafu iliyo chini ya katikati ya fimbo kabla haijagongwa, na upime kila kitu kutoka hapo. Kisahani kinakwenda moja kwa moja, lakini njia yake inapita mita 0.6 kutoka nukta hiyo, basi nacho kina momentamu ya mzunguko. Wanafunzi wengi huisahau kwa sababu hawaoni kitu kinachozunguka. Inersha ya fimbo kwa katikati yake ni ML²/12, yaani 0.048.

```
0.2(6) = 0.2u + 0.4V
0.2(6)(0.6) = 0.2u(0.6) + 0.048w
```

Mstari wa kwanza unasema momentamu iliyopotezwa na kisahani ni 0.4V. Itie kwenye wa pili: 0.6 × 0.4V = 0.048w, kwa hivyo w = 5V.

Kwa nishati usijichoshe na vipeo vya pili. Nishati isipopotea, vitu viwili huachana kwa kasi ileile viliyokaribiana nayo, mradi uipime pale vilipogusana. Ncha iliyogongwa inakwenda V + 0.6w, yaani 4V. Basi 4V − u = 6. Mstari wa kwanza unakupa u = 6 − 2V. Jibu: V = 2, u = 2, w = radiani 10 kwa sekunde.

Hakikisha: mwanzo kulikuwa na jouli 3.6. Sasa kisahani kina 0.4, mwendo wa fimbo 0.8, mzunguko 2.4. Zimetimia. Na ncha ya pili ina 2 − 6, yaani inarudi nyuma kwa mita 4 kwa sekunde. Ukiweka bawaba pale, umeizuia isirudi, na jibu litakuwa la swali jingine.

Mchezaji_Hoki
Kumbe ndiyo maana! Mimi hucheza hoki ya uwanjani, mpira ukigonga nchani mwa gongo, mkono wa juu huvutwa vibaya hadi unauma. Nishike wapi basi?

Bi_Tudor
Kaka, kwa fimbo ya swali hili, iliyonyooka na yenye uzito sawa kote, nukta isiyosogea mara tu baada ya pigo iko V/w, yaani mita 0.2 kupita katikati. Gongo lako lina kichwa kizito na limeshikwa mikononi, sitakupa namba.

Mwanafunzi_Kisauni
Shukran sana, nimeelewa. Lakini u na V ni sawa, zote 2. Kisahani na katikati ya fimbo vinakwenda sambamba. Si vitagongana tena?

Bi_Tudor
Vitagongana, na swali hili ndilo tamu. Kila fimbo ikiwa na uzito mara mbili ya kisahani, V na u hulingana. Fimbo ikizunguka nusu duara, kwa takriban sekunde 0.31, ncha ya pili inafika kilipo kisahani na kukipiga kwa nyuma. Milinganyo ya momentamu zote mbili na nishati ni ileile, na ina majibu mawili tu: (u 2, V 2, w 10) au (u 6, V 0, w 0). Kwa hivyo kisahani kinaondoka tena kwa mita 6, na fimbo inasimama tuli, imegeuka nusu duara na kusogea kama mita 0.63.

Fundi_Majengo
Isimame kabisa? Nina bao la keram na unga wake, nitajaribu kwa rula na kete.

Bi_Tudor
Kwenye bao haitasimama kabisa. Kuna msuguano, na mti kwa plastiki hupoteza nishati, kwa hivyo ile 6 upande wa kulia wa 4V − u = 6 itapungua. Tena kete ina upana, rula itaifikia kabla nusu duara haijatimia.

Fundi_Majengo
Upana huo mimi nadhani hauna neno, ukitumia kete ndogo.

Mwanafunzi_Kisauni
Kete ndogo itakuwa nyepesi kuliko nusu ya rula, Fundi. Hapo u na V hazitalingana.