Stima ya 9,450 Bamburi: nidai nini kwa mwenye nyumba?

Mtanga wa Bamburi:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Kwetu Tanga nilizoea Luku, najaza mwenyewe na najua kimekwisha nini. Hapa nyumba sita tuna mita moja kubwa ya Kenya Power, na kila nyumba ina mita yake ndogo ukutani. Mwenye nyumba anatutoza shilingi 30 kwa uniti. Miezi mitatu nimelipa 2,760, kisha 2,640, kisha 2,850. Jana keateka kaniletea ujumbe: "Stima 9,450. Lipa kabla ya tarehe 5." Basi, hakuna zaidi. Nina friji, feni mbili, taa na televisheni. Eisii sina. Usiku sijalala kwa kuwaza.

Kaka wa Likoni:
Pole dada. Stima imepanda, ile pesa ya mafuta kwenye bili hubadilika kila mwezi. Lipa tu usije ukafungiwa mlango.

Fundi wa Tudor:
Kaka, ni kweli ya mafuta hubadilika, lakini yeye anatozwa 30 ile ile, na bei haiwezi kuruka mara tatu kwa mwezi mmoja. Dada, gawanya 9,450 kwa 30, utapata uniti 315. Hapo ndipo pa kuanzia, maana sasa hubishani juu ya pesa, waulizia uniti 315 zimetoka wapi. Je, ulipoingia mliandika namba ya mita?

Mama wa Mtwapa:
Hata mimi! Tokeni za 1,000 zamani zilinifikisha wiki mbili, sasa siku nane. Nani wa kumlalamikia?

Fundi wa Tudor:
Mama, yako ni tokeni, habari nyingine. Soma ule ujumbe wa tokeni uone uniti ngapi umepewa na shilingi ngapi zimekatwa. Tumalize la dada kwanza.

Mtanga wa Bamburi:
Mkataba una namba: 4182. Nimeshuka asubuhi na tochi, kioo kimejaa vumbi, nikakifuta kwa kanga. Inasoma 4561. Nimepiga picha.

Fundi wa Tudor:
Mashallah, umefanya la maana. Sasa hesabu. Miezi mitatu ulilipia uniti 92, 88 na 95, jumla 275. Ukiongeza kwenye 4182, mwezi huu ulianzia 4457. Leo ni 4561, kwa hiyo umetumia 104, yaani shilingi 3,120. Uniti 211 hazimo kwenye mita yako.

Mtanga wa Bamburi:
Keateka kasema ni za pampu ya kisima na taa za nje. Kumbe pampu ni yangu peke yangu?

Fundi wa Tudor:
Zima swichi yako kubwa, kisha tazama taa nyekundu ya mita. Ikiendelea kumetameta pampu ikinguruma, basi waya wao umeunganishwa kwako.

Mtanga wa Bamburi:
Nimezima, imetulia. Pampu ilikuwa inafanya kazi nikiisikia.

Fundi wa Tudor:
Basi pampu iko kwenye mita kubwa. Hata tuseme inakula uniti moja kwa saa, saa sita kila siku, ni 180 kwa mwezi. Mkigawana sita, kila nyumba 30, yaani 900. Taa za nje nazo ni kidogo. Hazifiki 211. Mwandikie kwa maandishi, usimpigie simu:

"Mzee, shikamoo. Mita yangu leo inasoma 4561, picha hii hapa. Naomba unitumie namba ya mwezi uliopita na ya mwezi huu, tarehe zilizosomwa, bili ya mita kubwa, na jinsi ulivyogawa ya pampu. Kwa sasa nalipa 3,120 ya uniti 104. Kilichobaki tutazungumza baada ya kuona hesabu."

Kaka wa Likoni:
Mwenye nyumba akikataa, dada aende Baraza la Kodi.

Karani mstaafu, Kizingo:
Lile ni la nyumba za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi, mwanangu. Dada huyu hamo. Mlango wake ni Mahakama ya Madai Madogo, inayopokea madai hadi milioni moja. Lakini kwanza soma mkataba: je, umeandika kwamba utachangia pampu? Kama hilo halimo, hata zile 900 ni za kujadiliwa.

Mtanga wa Bamburi:
Mkataba umetaja "stima kwa mita" tu. Nimetuma ujumbe na pesa kwa M-Pesa. Kanijibu kwa picha ya bili kubwa, namba za nyumba nyingine hajatoa. Jirani wa ghorofa ya chini naye kaletewa 8,900. Leo jioni tunashuka pamoja kusoma mita zote sita.